Usiombe kazi, omba dakika kumi na tano

"Kaka, nifanyie mpango hapo kwenu." Meseji za namna hii zinachosha, na waliotangulia ughaibuni wanazipata kila wiki. Halafu asipojibiwa, mtumaji anatangaza kwamba wenzetu wakishafika huku wanajisahau. Si kweli. Mtu amepewa mzigo asiojua aushike wapi: hajui unaomba nafasi gani, hajui kazi yako, na mpango wenyewe hana, kwa sababu anayeajiri ni meneja wa kitengo kingine kabisa.

Alicho nacho mfanyakazi wa kawaida ni fomu. Kampuni nyingi kubwa zina mfumo wa ndani ambamo anaweza kumpendekeza mtu. Anajaza jina lako, baruapepe yako na namba ya tangazo, kisha anakutana na swali linalowakwamisha wengi: unamfahamuje mtu huyu, na kazi yake unaijua kwa kiasi gani? Asipokuwa na cha kuandika hapo, pendekezo lake ni jepesi kama karatasi. Kwa hiyo shughuli yako yote ni kumpa majibu ya swali hilo kabla hujataja fomu.

Anza na mtu sahihi. Kwenye LinkedIn fungua ukurasa wa kampuni, nenda sehemu ya watu, tafuta anayefanya kazi unayoitaka au aliye ngazi moja juu yake. Wa rasilimali watu mwache kwanza, maana meza yake imejaa maombi. Aliyeingia mwaka mmoja au miwili iliyopita ni bora zaidi, bado anakumbuka alivyoingia.

Tuseme wewe ni karani wa malipo na umeona nafasi ya aina hiyo. Mwandikie hivi: "Habari za kazi. Nimeona uko kitengo cha malipo ya wauzaji. Mimi nashughulikia ankara kama 400 kwa mwezi kwenye kampuni ndogo, na ningependa kuelewa kazi hii inavyokwenda kwenye kampuni ya ukubwa wenu. Unaweza kunipa dakika 15 wiki hii au ijayo? Ukibanwa, nitakutumia maswali matatu kwa maandishi." Hakuna kazi inayoombwa hapo, lakini umeshasema unafanya nini na kwa kiwango gani.

Kwenye mazungumzo uliza mambo ya kazi yenyewe: ankara zinakwama wapi, nani anaidhinisha, mgeni hushindwa wapi miezi ya kwanza. Akisema zinakwama kwa sababu hazilingani na oda ya ununuzi, hapo ndipo unaeleza, kwa sentensi mbili, ulivyoshughulikia tatizo hilo hilo. Sasa ana kitu cha kuandika kwenye fomu. Dakika zikikaribia kuisha, sema: "Nimeona tangazo la karani wa malipo. Kwa ulivyonisikia, unaona linanifaa? Ungekuwa mimi ungelifuataje?" Kisha nyamaza. Anayetaka kukusaidia atajitolea mwenyewe, na asiyetaka ana njia ya kutoka bila kukuaibisha. Akikuuliza moja kwa moja kama unatafuta kazi, jibu ndiyo. Kuficha ukishaulizwa ni uongo, na utaharibu yote.

Ishara utaziona. Anayeomba namba ya tangazo na baruapepe yako ana nia. Anayesema "angalia tovuti yetu" amekataa kwa adabu. Mshukuru, usimrudie kwa hilo.

Akijitolea, mtumie siku hiyo hiyo vitu vinne: kiungo cha tangazo chenye namba yake, wasifu wako wa PDF, sentensi tatu anazoweza kunakili, na hali ya kibali chako cha kazi. Hiki cha mwisho wahamiaji wengi wanakiruka kwa woga. Kiseme, kwa sababu asiyejua ataogopa kuweka jina lake.

Na hapa ndipo watu wanapoharibu: wanatuma maombi kwenye tovuti kwanza, kisha ndipo wanatafuta mtu. Katika mifumo mingi, ukishaingia mwenyewe pendekezo halihesabiki tena, na mwenzako anakosa bonasi ya kumpendekeza mtu, kama kampuni yao inatoa. Muulize utaratibu wao kabla hujabonyeza chochote. Mara nyingi mfumo utakutumia kiungo kwa baruapepe, nawe unamalizia maombi kupitia hicho tu. Tazama hata kwenye folda ya barua taka, na tumia anwani ile ile uliyompa, la sivyo mfumo utakuona watu wawili.

Kimya kikipita wiki moja, mkumbushe mara moja. Majibu ya usaili yakitoka, mazuri au mabaya, mwambie yeye mapema, asije kuyasikia kwa watu wa ofisini kwao.