Mita thelathini na mbili za tetroni

Jumapili hii sikupumzika. Dada yangu ni fundi cherehani, ana fremu hapa Morogoro, anashona sare za shule na kuuza vitambaa vya kupima. Muhula ulikuwa na kazi nyingi, lakini pesa haikuonekana. Alishaanza kumwangalia vibaya kijana wake wa dukani, akaniita tuhesabu mali kabla hajamfukuza.

Tukaanza na tetroni ya buluu ya sketi, maana ndiyo inayotoka sana. Hesabu yenyewe si ngumu: ulichoanza nacho, jumlisha ulichonunua, toa kilichoshonwa na kilichouzwa. Muhula ulianza na mita 20. Akanunua majora sita Kariakoo, kila moja hamsini, jumla 300. Daftari la ukataji lilionyesha sketi 160, kila moja mita 1.2, yaani mita 192. Zilizouzwa za kupima zilikuwa mita 70. Zilitakiwa kubaki mita 58. Tulipopima kilichokuwepo rafuni, tukapata 26.

Mita 32 hazipo. Kwa bei aliyokuwa akiipigia hesabu, shilingi 5,000 kwa mita, hizo ni 160,000.

Dada akamtazama kijana. Kijana akasema, "Dada, mimi hata kipande cha mfuko sijawahi kutoka nacho." Nilimwamini, lakini kumwamini mtu si ushahidi. Kilichonitia shaka ni tetroni nyeupe ya mashati, ambayo anainunua kwa mita kwa muuzaji wa hapa hapa mjini. Ile ilipungua kidogo sana. Kijana ndiye yule yule, rafu ndiyo ile ile. Mwizi gani huyo anayechagua buluu peke yake?

Kulikuwa na jora jipya lililofika Jumamosi, bado limo kwenye nailoni, hatukulitia kwenye hesabu. Nikaomba tulifungue. Tukalikunjua juu ya meza, mimi na tepu huku, kijana akishika ncha kule, dada akiandika. Likaishia mita 45 na sentimita 70. Dada akadhani tumeruka mkunjo mmoja, tukapima tena, ikawa ile ile. Ndipo kijana akageuza karatasi iliyobandikwa kwenye mhimili wa jora: 50 YDS.

Yadi moja ni sentimita 91.44, kwa hiyo yadi 50 ni mita 45.72. Kila jora lilikuwa "linaibiwa" mita 4.28 kabla halijapakiwa kwenye basi. Kwa majora sita ni mita 25 na nusu na ushee. Muuzaji hakudanganya, karatasi inasema wazi. Ila risiti yake imeandika "50" tu, na dada huandika daftari kwa kufuata risiti.

Zilibaki mita sita na kitu. Kwenye meza ya kupimia kuna misumari miwili iliyogongwa na seremala kuonyesha mita moja. Tukaweka tepu: sentimita 104. Mita 70 zilizouzwa zimetoka na karibu mita tatu za bure. Mita nyingine mbili tulizikuta kwenye gunia la mabaki, kipande chenye mstari wa kufifia ambacho dada alikikata akakisahau. Mita moja na nusu hivi haijulikani iliko, na kwa duka linalokata kila siku mimi hiyo siifuatilii.

Faida sasa. Jora ni 250,000, kwa hiyo mita ilikuwa inamgharimu 5,468, si 5,000. Sketi aliyoiuza 12,000 akidhani inamwachia 2,500, ilimwachia kama 1,940. Kwa sketi 160 hizo ni karibu elfu tisini. Kwenye za kupima ndiko kulikouma zaidi. Aliuza mita moja kwa 6,000 akijua anapata elfu moja. Ukiweka yadi, ukaongeza na ile misumari, alikuwa anabaki na shilingi 313. Mfuko na muda wa kijana havimo humo.

Msumari mmoja umeng'olewa na kugongwa upya mbele ya macho yangu. Kuanzia sasa jora likiingia linapimwa kwanza, namba inayoandikwa daftarini ni ya tepu. Bei ya kupima inapanda hadi 6,500 kesho. Sketi za shule haziwezi kupanda, bei ilishakubaliwa hadi mwisho wa mwaka, kwa hiyo nimemwambia ajaribu kukata sketi nne kwa mlazo mmoja badala ya moja moja, aone kama mita 1.2 inaweza kushuka hadi 1.1. Anasema kwa marinda yale haiwezekani. Kijana anasema inawezekana. Jumatano watajaribu kwa karatasi kwanza.