Saa nne kuuzunguka waya

Kwenye ramani, kutoka mto Mbagathi, unaopakana na Mbuga ya Nairobi upande wa kusini, hadi uwanda ambako nyumbu huenda wakati wa mvua palikuwa na mwendo wa saa moja kwa miguu. Tulitumia saa nne. Hatukupotea hata kidogo, tulizungushwa tu na nyua.

Ua wa kwanza ulikuwa seng'enge ya nyuzi tano, wa pili wavu uliofukiwa ardhini, wa tatu michongoma iliyopandwa ikabanana hata paka hapiti. Kila tulipofika kona tulidhani tumemaliza, kumbe jirani ameunganisha ua wake na huo. Jua lilikuwa kali, maji yameisha, na viatu vyangu vimejaa mbigili. Mchungaji mmoja alitutazama tukirudi kwa mara ya pili, akacheka.

"Mzee, njia ya kwenda mbele iko wapi?" nikamuuliza.

"Ilikuwa hapo mliposimama," akasema. "Nyumbu walipita hapo, ng'ombe wetu wakapita nyuma yao. Sasa pana mwenyewe."

Akatufungulia lango la jamaa yake, tukapita. Ndipo nilipoelewa tofauti yetu na nyumbu. Sisi tuliomba lango. Nyumbu akikutana na waya hauruki na hapiti chini yake kama ngiri. Huufuata, akitarajia utaisha. Swala aitwaye pofu, pamoja na ukubwa wake, ataruka seng'enge ya kawaida, lakini nyumbu atatembea kandokando ya ua hadi kona, kisha kando ya ua unaofuata, ndama akichoka nyuma. Chini ya waya ule kulikuwa na ujia uliochimbwa na kwato, sambamba kabisa na vigingi. Ukiona ujia wa namna hiyo, huenda ua huo umekatiza njia.

Safari yenyewe ya nyumbu hawa si ya matembezi. Mbuga ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, na imezungushiwa ua pande zote isipokuwa kusini. Kiangazi hukimbilia mle kwa sababu ya maji ya kudumu. Mvua ikinyesha hutoka kwenda nyanda za Athi na Kapiti, ambako majani ni mafupi na yana madini zaidi, na majike wanaonyonyesha huyahitaji. Mwishoni mwa miaka ya 1970 hesabu kutoka angani ilikuta zaidi ya nyumbu 20,000 katika nyanda hizi. Kufikia 2011 walikuwa chini ya 5,000. Ua haukuwa sababu pekee, maana pamekuwa na nyumba, machimbo na mitego ya waya, ambao mara nyingi hukatwa kwenye ua huohuo.

Lakini idadi ni hasara inayoonekana. Iliyonifanya nikae chini ya mgunga nikiandika hesabu kwenye daftari ni ile nyingine.

Chukua kundi la nyumbu 300 waliofungiwa upande mmoja. Tuseme majike 150 wanazaa. Madume wapo wengi, ila dume lisiloshika eneo lake wakati wa kupandana haliachi mtoto. Tuseme 20 tu ndiyo yaliyofaulu. Kwa vinasaba, kundi hili si 300. Ukubwa wake wa kweli kwa vinasaba, Ne, ni mara nne ya madume kwa majike wanaozaa, ikigawanywa kwa jumla yao:

```
Ne = (4 × 20 × 150) / (20 + 150) ≈ 71
```

Yaani linapoteza uanuwai wa vinasaba, ule utofauti wa jeni ndani ya kundi, kama kundi la wanyama 71 wanaopandana bila upendeleo. Kila kizazi kinapungukiwa sehemu moja kati ya mara mbili ya idadi hiyo, yaani 1 kwa 142, karibu asilimia 0.7. Ni kidogo, na hapo ndipo watu hudanganyika. Baada ya vizazi 20 imepotea takriban asilimia 13, na kiangazi kikali kikiua nusu ya madume katikati ya safari hiyo, hesabu huenda chini haraka zaidi. Aina za jeni zilizo adimu hutoweka mwanzo, zikiwemo pengine zile ambazo zingehitajika siku ugonjwa mpya ukiingia. Wanyama wenyewe bado wananenepa, bado wanazaa. Ukiwatazama kwa darubini huoni kitu.

Kinachoonekana baadaye kilishaonekana Ngorongoro, ambako kuta za kreta, pamoja na simba wenyeji wanaofukuza wageni, hufanya kazi ya ua. Mwaka 1962 nzi wanaouma waliwashambulia simba wa kreta hadi wakabaki majike tisa na dume moja. Madume saba yakaingia kutoka nje miaka michache baadaye, kisha kwa muda mrefu hakuna aliyeingia tena. Idadi ilirudi, ikapita mia. Watafiti walipochunguza mbegu za madume walikuta nyingi zaidi zina kasoro kuliko za simba wa Serengeti. Wote walikuwa uzao wa wazazi 15 hivi.

Kwa nyumbu, uchambuzi wa jenomu 121, yaani seti nzima za vinasaba, uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa makundi yanayohama yana uanuwai mkubwa kuliko yaliyoacha kuhama, na kwamba yaliyoacha yana dalili zaidi za kuzaana ndugu kwa ndugu. Dalili hiyo husomwa hivi: kila mnyama ana nakala mbili za kila kromosomu, ya baba na ya mama. Wazazi wakiwa ndugu wa karibu, vipande virefu vya nakala hizo hufanana herufi kwa herufi. Kadiri vipande vinavyokuwa virefu, ndivyo undugu wao ulivyo wa karibuni.

Dawa yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mgeni mmoja au wachache kwa kila kizazi huzuia makundi mawili yasitengane kabisa, mradi wazae. Hapo ushoroba mwingi, ile njia iliyoachwa wanyama wapite kati ya makundi, huwa jina tu: dume limepita, limepigwa na wenyeji, limekufa bila mtoto. Kwa hiyo sipendi kusikia ushoroba ukisifiwa kwa ekari. Ekari elfu zenye ua mmoja shingoni ni sawa na ekari sifuri.

Mwaka 2000 ulianza mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela, kwa ekari kwa mwaka, wasizungushe ua wala kuchimba mawe. Malipo yaligawanywa yaangukie majira ya karo, na nadhani hilo ndilo lililokuwa la busara kuliko yote. Udhaifu wake ulikuwa kwenye umbo la ardhi: akikataa mmoja katikati ya njia, waliolipwa pande zote mbili wamelipwa kulinda malisho, si njia.

Jioni tulifika mahali ambapo mwenyeji ameshusha waya kwa upana wa hatua kumi hivi, kila mwisho wa pengo amefunga vitambaa vyeupe. Kwenye vumbi kulikuwa na kwato zinazoelekea kusini na kinyesi kibichi. Mtafiti angekwangua ngozi ya nje tu ya kinyesi kile, ambako chembe za utumbo hunata, aiweke kwenye spiriti kabla jua halijaiharibu. Ndani hakuna faida, ni majani. Kutoka kwenye vinasaba vya ukwanguo huo angejua kama ni dume au jike. Kama amezaa huko alikokwenda, hilo lingejibiwa na kinyesi cha ndama, mwaka mwingine, ng'ambo ya waya.