Nilivyoyadhibiti makosa ya "explain me" na "suggest him to"

Anayeandika "explain me" anafuata sarufi safi ya Kiswahili. Tunasema nieleze, niambie, nipendekezee, na kila mara mtu anayelengwa anaingia ndani ya kitenzi chenyewe bila kihusishi chochote. Kauli ya kutendea inaturuhusu kumtia mtu karibu katika kila kitenzi. Kiingereza hakina kauli hiyo, kwa hiyo kila kitenzi kinabeba masharti yake: kipo kinachompokea mtu moja kwa moja, na kipo kinachomkataa mpaka atangulizwe na "to".

Katika maandishi ya Kiingereza ninayohariri, nafuu ilianza nilipoacha kusahihisha sentensi moja moja na kuanza kukiuliza kila kitenzi swali moja: unampokea mtu peke yake? Kati ya "tell", "say", "explain" na "suggest", ni "tell" tu kinachojibu ndiyo.

Jozi ya kwanza ni nyepesi kwetu kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu tofauti ya "say" na "tell" tunayo tayari. "Say" hukaa kama sema, "tell" kama ambia. Hakuna anayesema "alinisema kwamba mkutano umeahirishwa". Alinisema maana yake alinigombeza au alinisengenya. Basi "he said me that the meeting was postponed" iudhi sikio kwa kiasi hicho hicho. Andika "he told me that", au ukimwacha mtu, "he said that". Upande wa pili, "tell" ikikosa mtu huonekana imekatika: "he told that he was ill" si sahihi. Yapo mafungu machache yasiyohitaji mtu, kama "tell the truth", "tell a lie", "tell a story" na "tell the time". Hayo ni ya kukariri tu.

"Explain" inataka jambo linaloelezwa likae karibu na kitenzi, kisha mtu afuate na "to": "she explained the rule to me". Tatizo hujitokeza jambo likiwa refu. "She explained why the machine stopped after ten minutes to me" ina maneno yote yanayotakiwa, lakini msomaji anachoka kabla hajamfikia mtu. Hapo mtu hutangulizwa, ila "to" haimwachi: "she explained to me why the machine stopped after ten minutes". Nadhani mpangilio huu ndio unaowapotosha wengi. Wakiona mtu amekaa karibu na kitenzi, wanadhani "to" imekuwa pambo.

Kosa linalojificha zaidi liko kwenye kauli ya kutendwa. Nilielezwa ni Kiswahili kizuri, na nilipendekezewa pia. Kwa Kiingereza, "I was told" inakubalika, lakini "I was explained" na "I was suggested" hazikubaliki. Sababu ni ile ile: mtu asiyeweza kukifuata kitenzi bila "to" hawezi kugeuzwa kuwa kiima. Andika "it was explained to me that", au kwa wepesi zaidi, "I was told that".

"Suggest" ndiyo inayostahili muda mrefu, maana ina makosa mawili ndani yake. "He suggested me to apply" inamtia mtu mahali asipotakiwa, kisha inaongeza kitenzi chenye "to", muundo ambao "suggest" haiupokei hata mtu akiondolewa. Kwa hiyo anayefuta "me" peke yake anabaki na "he suggested to apply", nayo ni kosa vilevile.

Njia sahihi ni hizi. Ukitaka kumtaja mtu wa kutenda, tumia kishazi chenye "that": "he suggested that I apply". Usipotaka kumtaja, tumia umbo la "-ing": "he suggested applying early". Angalia maana hapo, kwa sababu sentensi hii ya pili haisemi nani atatuma maombi. Huenda msemaji mwenyewe yumo. Kama utendaji ni wa mtu mmoja tu, rudi kwenye "that". Na kama unachopendekeza ni kitu, fuata njia ya "explain": "he suggested a new date to us".

Ndani ya kishazi cha "that", kitenzi mara nyingi hubaki uchi hata habari ikiwa ya wakati uliopita: "she suggested that he go", bila "-s" wala umbo la "went". Kwa Kiingereza cha Uingereza utakutana pia na "that he should go". Ukanushaji ni "that he not go". Lakini "suggest" ikiwa na maana ya kuashiria, kitenzi hurudi katika hali yake ya kawaida: "the results suggest that the method works". Usiondoe "-s" hapo.

Kama moyo wako unataka lazima muundo wa mtu na "to", badilisha kitenzi: "he advised me to apply". "Advise" inampokea mtu bila ubishi.

Chukua aya hii kama mfano:

"My supervisor said me that the file was missing. I explained him what happened, and he suggested me to call the client. Later I was explained that the file had been moved."

Nikipita kitenzi kwa kitenzi, inakuwa:

"My supervisor told me that the file was missing. I explained to him what had happened, and he suggested that I call the client. Later I was told that the file had been moved."

"Happened" imekuwa "had happened" kwa sababu tukio lilitangulia maelezo. Hilo ni suala la nyakati, halihusiani na kosa letu.

Kwa hati ndefu sisomi nikitegemea jicho. Natafuta kwa ruwaza hizi tatu, moja moja, katika kihariri kinachokubali utafutaji wa regex:

```
\b(explain|suggest)(s|ed|ing)?\s+(me|him|her|us|them|you)\b
\b(say|says|said|saying)\s+(me|him|her|us|them|you)\b
\bsuggest(s|ed|ing)?\s+to\b
```

Usibadilishe yote kwa mkupuo, kwa kuwa matokeo mengine ni halali. Katika "explained her decision", "her" ni kimilikishi, si yambwa. "We suggested him for the post" ni sahihi, kwa sababu anayependekezwa ni yeye mwenyewe. "She said you were late" ni sahihi pia. "That" imeachwa, na "you" ni kiima cha kishazi kinachofuata. Mstari wa tatu utanasa "suggested to me that", ambayo iko sawa, pamoja na "suggested to leave", ambayo haiko sawa. Kigezo ni neno linalokuja baada ya "to": likiwa mtu, acha, likiwa kitenzi, rekebisha.

"Told that" naitafuta peke yake, na kabla ya kuigusa natazama neno lililotangulia. Ikiwa ni "was", "were" au "been", sentensi ni ya kutendwa na iko salama.