Bi Tatu ainuka kwenye mbuzi

Bi Tatu ni bibi wa plastisini mwenye urefu wa sentimita 18, na katika filamu yangu fupi anakuna nazi, anasikia hodi, kisha anainuka kwenye mbuzi kwenda kufungua mlango. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa mikono inayokuna. Kumbe mikono ilikwenda vizuri, na kilichonishika ni kule kuinuka, tendo ambalo kwenye skrini halizidi sekunde 3.

Napiga picha 12 kwa kila sekunde ya filamu, kwa hiyo sekunde 3 ni picha 36, na kati ya picha moja na inayofuata namsogeza Bi Tatu kidogo kwa vidole. Mwanzoni nilimwinua kama anavyoinuka kijana: kiuno juu, magoti yakinyooka, kichwa kikifuata. Kila alipofika nusu ya njia alianguka chali. Nilikaza waya wa miguu, nikaongeza plastisini kwenye nyayo, na bado alianguka, huku mimi nikizidi kumsogeza kwa pupa ili nipite mahali hapo kabla hajalala tena.

Mama, aliyekuwa akinitazama kutoka mlangoni, alisema, "Mwanangu, mtu wa makamo yangu hainuki hivyo. Hebu tazama." Akaketi kwenye mbuzi, akairudisha miguu nyuma, akatulia, akaweka mkono gotini, akainama mbele mpaka kichwa kikapita vidole vya miguu, ndipo kiuno kikaachana na ubao. Nikaelewa kwamba Bi Tatu alikuwa akinieleza jambo lile lile kila alipoanguka, kwa kuwa uzito wake ulikuwa bado nyuma ya nyayo na mimi namlazimisha asimame.

Niligawa upya zile picha 36. Miguu kurudi nyuma nikaipa picha 6, kutulia picha 4, kuinama mbele 12, kuinuka 10, na 4 za mwisho za kujiweka sawa. Ndani ya zile 12 za kuinama hatua hazilingani: za kwanza ni milimita moja au pungufu, za katikati zinafika milimita 4, kisha zinapungua tena. Hatua zikilingana zote, mwili huonekana unavutwa na mashine, hata kama kila picha peke yake ni nzuri.

Nyayo nazo zilihitaji kushikwa. Mifupa ya Bi Tatu ni nyuzi mbili za waya wa alumini zilizosokotwa pamoja, na ndani ya kila unyayo nilizika nati. Jukwaa ni plaiwudi, hivyo nilitoboa matundu mahali miguu itakapotua na kukaza bolti kutoka chini. Bolti haziondoi haja ya kupanga uzito, kwa sababu nyayo zikibaki mahali pake mwili bado unaweza kupinda kwenye vifundo na kulegea nyuma.

Kulegea huko ndiko kulikonifunza kungoja. Dar es Salaam joto la mchana hulainisha plastisini, na vidole vyangu huongeza joto jingine, kwa hiyo kichwa nilichokiacha wima huinama chenyewe polepole. Jicho halioni, ila programu ya simu inaweza kuonyesha picha iliyopita, ikiwa imefifia, juu ya ile inayoonekana sasa. Nikimaliza kumsogeza, naondoa mikono, nangoja kidogo, kisha nalinganisha. Kama kichwa kimeshuka bila kuguswa, picha haipigwi mpaka kipoe. Baadaye nilikitengeneza upya kichwa chenyewe, nikaweka bonge la karatasi ya alumini ndani na plastisini nyembamba juu yake, na uzito ukapungua sana.

Nilihamia usiku, madirisha yakiwa yamefunikwa kwa kanga nzito, maana mwanga wa jua hubadilika kila wingu linapopita na filamu huishia kumetameta. Taa ni balbu mbili zisizosogezwa, na kwenye simu nilifunga mwangaza, rangi na fokasi visijirekebishe vyenyewe. Feni huzimwa, kwa sababu hupeperusha khanga ndogo ya Bi Tatu. Kukaa chumbani namna hiyo si raha, na mtu mwenye haraka hutoka jasho mara mbili.

Picha 4 za kutulia nilitaka kuziruka, kwa kuwa hakuna kinachosogea. Nilipoitazama filamu bila hizo, bibi alionekana kama aliyerushwa. Nilipozirudisha, alionekana anawaza kama mgeni huyo anastahili kuinukiwa, jambo ambalo sikulipanga kabisa. Kwa hiyo hata katika kutulia sasa namgusa kidogo: kope zinashuka milimita moja, kidole kinabana goti.

Waya wa kifundo cha kulia ulikatika nilipokuwa namfungua kwenye jukwaa, kama alumini inavyofanya ikikunjwa mara nyingi mahali pamoja. Sasa namtengenezea mguu mwingine, kwani bado hajatembea hadi mlangoni, na hodi imeshapigwa.