Integrali yenye thamani kamili: nilivyoacha kuihofia

Swali lililonifundisha integrali za thamani kamili lilikuwa la mwendo, siyo la eneo. Kitu kinatembea kwenye mstari ulionyooka, kasi yake ni v = t² − 4t + 3 mita kwa sekunde, kuanzia t = 0 hadi t = 4. Kimesafiri umbali gani?

Kuintegreti v moja kwa moja si kazi. Unapata F(t) = t³/3 − 2t² + 3t, unaweka 4, unatoa ya 0, jibu ni 4/3. Lakini hilo ni jibu la swali jingine: kitu kimeishia mita 4/3 mbele ya pale kilipoanzia. Katikati ya safari kasi inakuwa hasi, maana yake kitu kinarudi nyuma, na hatua za kurudi zimefuta sehemu ya hatua za kwenda. Anayetaka umbali wote anahitaji integrali ya |v|, ambayo haikubali kufuta kitu.

Tatizo ni kwamba |v| haina fomula moja. Pale v ilipo chanya, |v| ni v yenyewe; pale ilipo hasi, |v| ni −v. Kwa hiyo kabla ya kugusa integrali nauliza kwanza: alama inabadilika wapi? Hapa t² − 4t + 3 = (t − 1)(t − 3), basi ni kwenye 1 na 3. Nachora mstari wa namba, naweka 0, 1, 3 na 4, kisha kwenye kila kipande nachagua namba moja rahisi na kuijaribu. Kwenye 0.5 kasi ni 1.25, chanya. Kwenye 2 ni −1, hasi. Kwenye 3.5 ni 1.25 tena. Naandika +, −, + juu ya mstari, na huo mchoro mdogo ndio unaoniongoza hadi mwisho.

Sasa ni vipande vitatu, na F ni ileile. F(0) = 0, F(1) = 4/3, F(3) = 0, F(4) = 4/3. Kipande cha kwanza kinatoa 4/3. Cha pili, F(3) − F(1) ni −4/3, nageuza alama kuwa 4/3. Cha tatu 4/3. Jumla ni mita 4. Kitu kilienda mbele, kikarudi hadi kilipoanzia, kikaenda mbele tena kiasi kilekile. Ukichukua jibu la mwanzo na kulitia thamani kamili kwa nje, unabaki na 4/3 yako. Zile fito mbili lazima zifanye kazi ndani, kabla ya kujumlisha.

Angalia mipaka pia. Kama swali lingeishia t = 2, ile 3 isingehusika kabisa, na kukata pale kungeniongezea hesabu bure.

Fanksheni za vipande vipande zilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu mwandishi wa swali ameshakukatia. Mfano f(x) = x² kwa x ≤ 1 na f(x) = 3 − x kwa x > 1, kuanzia 0 hadi 3. Kipande cha kwanza kinatoa 1/3, cha pili kinatoa 2, jumla 7/3. Kilichonisumbua akili ni lile ruko kwenye x = 1: upande wa kushoto grafu inafika 1, kulia inaanzia 2. Thamani ya pale ni ipi? Kwa integrali, haijalishi. Nukta moja haina upana, kwa hiyo haina eneo, na ukiipa thamani yoyote jibu halitikisiki. Unachopaswa kulinda ni kwamba kila fomula itumike upande wake tu: kwenye mpaka wa chini wa kipande cha pili unaweka 1 ndani ya 3x − x²/2, siyo ndani ya x³/3.

Hata ukikadiria kwa kanuni ya Simpson, kukata kunabaki palepale. Kwenye |v| nilitumia nukta 0, 2 na 4 tu, ambako thamani ni 3, 1 na 3: (2/3)(3 + 4 + 3) = 20/3, karibu 6.67, mbali kabisa na 4. Kanuni hiyo haikosei hata kidogo kwa fanksheni ya daraja la pili, ila hapa grafu ina kona kwenye 1 na 3, na Simpson inapitisha parabola moja juu ya kona zote mbili. Nikiitumia kutoka 1 hadi 3 peke yake, thamani ni 0, 1, 0, na (1/3)(0 + 4 + 0) ni 4/3 kamili.