Nilivyowaeleza wafanyakazi sera mpya ya likizo kwa kutumia kalenda

Niko idara ya rasilimali watu. Sera yetu ya likizo iliporekebishwa, nilipewa jukumu la kuwaeleza wafanyakazi kabla haijaanza kutumika tarehe 1 Julai. Likizo ya uzazi ilikuwa imepanda kutoka wiki 12 hadi 16. Ya ugonjwa ilikuwa imebadilishiwa idadi ya siku na namna ya kuzihesabu, na ya msiba ilikuwa imeongezwa siku pamoja na orodha ya ndugu wanaohusika.

Kwa uzoefu wangu, mfanyakazi hasikilizi sera ikisomwa kifungu kwa kifungu. Anachotaka kujua ni kitu kimoja: mimi niliyekwisha kuanza likizo, au niliyeugua mwaka jana, naangukia wapi? Kwa hiyo kabla ya kuitisha mkutano nilikaa na mhasibu wa mishahara, tukatoa kumbukumbu za likizo za watu wote, tukafungua kalenda na kutafuta kila aliyekuwa amesimama katikati ya sera ya zamani na mpya.

Wa kwanza walikuwa akina mama waliokuwa tayari nyumbani. Mmoja alianza likizo Jumatatu tarehe 5 Mei. Kwa wiki 12 angemaliza Jumapili tarehe 27 Julai na kurudi kazini tarehe 28. Kwa kuwa sera mpya ilimkuta bado yuko likizo, alistahili wiki zote 16, kwa hiyo angemaliza tarehe 24 Agosti na kurudi tarehe 25. Waraka wenyewe haukusema lolote kuhusu mtu wa namna hii. Niliuandikia uongozi, nikaambatanisha hesabu hiyo, nikaomba jibu la maandishi. Lilikuja likisema kwamba yeyote ambaye likizo yake haijaisha ifikapo tarehe 1 Julai ataongezewa. Bila karatasi hiyo nisingethubutu kusimama mbele ya watu, maana mwajiri akiahidi mdomoni na mshahara ukaja pungufu, hakuna atakayekuamini tena.

Jibu hilo lilikuwa na upande mchungu. Aliyerudi kazini Juni hakupata kitu, hata kama mtoto wake alikuwa na umri unaokaribiana na wa yule wa Mei. Hao niliwaita mmoja mmoja kabla ya mkutano, nikawaambia wazi na kuwaonyesha barua. Mmoja aliniambia, "Dada, afadhali umeniambia wewe mwenyewe, nisingependa kulisikia ukumbini." Habari ya namna hiyo mtu anastahili kuipokea akiwa na nafasi ya kuuliza na hata kukasirika, bila macho ya wenzake.

Kulikuwa pia na swali la mtoto anayechelewa. Mama amepanga kuondoka wiki mbili kabla ya tarehe aliyopewa na daktari, mtoto akachelewa siku 9. Je, siku hizo zinakatwa kwenye muda wa baada ya kujifungua? Hapa niliona vema kuwaambia chanzo cha kanuni yetu. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unaweka angalau wiki 14 za likizo ya uzazi, 6 kati yake zikiwa za lazima baada ya kujifungua, na unataka sehemu ya kabla ya kujifungua irefushwe mtoto anapochelewa. Sera yetu imefuata hilo, kwa hiyo siku 9 zinaongezwa juu ya wiki 16.

Likizo ya ugonjwa ndiyo iliyonichukulia muda mrefu zaidi, kwa sababu ilionekana nyongeza tupu na haikuwa hivyo. Zamani mtu alikuwa na siku 20 za mshahara kamili na 20 za nusu mshahara, na hesabu ilianza upya kila tarehe 1 Januari. Sasa ni 30 na 30, lakini ndani ya miezi 12 inayohesabiwa kurudi nyuma kuanzia siku unayougua. Anayesoma "30" na kuishia hapo anafurahi. Nikawapa mfano. Mfanyakazi anaugua siku 18 mwezi Oktoba, kisha anaugua tena Februari. Kwa sera ya zamani, Februari ana siku zote 20 za mshahara kamili, kwa kuwa mwaka umegeuka. Kwa sera mpya, zile 18 za Oktoba bado zimo ndani ya miezi 12, kwa hiyo amebakiwa na 12 tu kabla ya kuingia nusu mshahara. Mtu huyo amepunguziwa siku 8. Nilisema hivyohivyo, kwa neno "amepunguziwa", kwa sababu mtu atakayeligundua akiwa kitandani atajiona amedanganywa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo niliyoipeleka kwa uongozi mapema. Waliougua Oktoba iliyopita walikuwa wameshaahidiwa kuanza upya Januari, na haikuwa haki kuwarudishia siku hizo mgongoni. Ilikubaliwa kwamba siku za kabla ya tarehe 1 Januari ya mwaka huu zisihesabiwe. Kwa hiyo miezi 12 kamili itaanza kuwabana watu mwakani, na nililisema hilo mkutanoni kwa tarehe.

Jambo jingine kwenye ugonjwa ni cheti. Msimamizi anahitaji kujua mtu hafai kufanya kazi na kwa siku ngapi. Jina la ugonjwa si lake. Wasimamizi nilikutana nao peke yao kabla ya mkutano mkuu, kwa kuwa wao ndio wanaoulizwa kwanza, nikawapa fomu za mfano wazijaze wenyewe. Aliyekuwa bado anaandika ugonjwa kwenye nafasi ya sababu nilimwona hapohapo, tukarekebisha.

Msiba haukuhitaji hesabu nyingi. Siku zimetoka 3 hadi 5 za kazi kwa kila msiba, na hazikatwi tena kwenye likizo ya mwaka. Orodha ya zamani ilikuwa na mwenzi, mtoto na mzazi. Mpya imeongeza ndugu wa kuzaliwa pamoja, babu na bibi, wakwe, na mtu aliyekulea. "Mimi mama yangu mkubwa ndiye aliyenisomesha na kunilea," mzee mmoja wa zamu ya usiku aliuliza, "atahesabiwa?" Atahesabiwa, na maelezo mafupi ya mfanyakazi mwenyewe yanatosha. Uthibitisho wa kifo unaletwa ndani ya siku 30 baada ya kurudi, hauombwi mtu anapopiga simu akilia.

Kifungu kimoja sikukijadili ukumbini: mama anayempoteza mtoto wakati wa kujifungua anabaki na likizo yake nzima ya uzazi. Ukumbini huwezi kujua nani limemfika. Nilikiandika kwenye karatasi ya maelezo aliyopewa kila mtu, pamoja na jina la mtu wa kumwendea kwa siri.

Mwezi wa kwanza nilipitia kila fomu ya likizo iliyoingia. Za uzazi na ugonjwa zilikuwa sawa. Za msiba, chache zilikuja zimejazwa kama likizo ya mwaka, zote kutoka zamu ya usiku, ambako msimamizi mpya alikuwa ameingia baada ya kikao changu. Nilimfuata kazini kwake, tukapitia kanuni pamoja, na mhasibu akawarudishia waliofiwa siku zao kabla mishahara haijafungwa.