Nilivyotengeneza picha ya unga wa mlonge isiyoahidi kumponya mtu

Mama mmoja wa Chuno, hapa Mtwara, ananunua majani ya mlonge vijijini, anayakausha kivulini, anayasaga na kuyafunga katika makopo ya gramu 100. Aliponijia kutaka picha ya bango na ya kwenye simu, sharti lake lilikuwa moja: "Mwanangu, mimi nauza unga. Sitaki mtu aje kunidai afya yake." Nilidhani ni kazi ya saa moja kwa programu ya kuzalisha picha kwa akili mnemba, lakini ilinichukua karibu wiki mbili, na ninaisimulia kwa sababu ushauri mwingi niliopewa njiani ulikuwa wa kupotosha.

Picha ya kwanza niliiomba kwa maneno `healthy` na `natural energy`, nikiamini kwamba ni sifa za jumla tu. Programu iliniletea mzee aliyeketi, goti lake likiwaka wekundu, na kando yake mzee yuleyule amesimama akicheka, kopo likiwa katikati yao likitoa miale. Hakuna neno lolote la tiba lililoandikwa, lakini kila anayeiona anasoma kwamba goti liliuma, unga ukatumika, maumivu yakaisha. Sababu yake si ngumu kuielewa: programu hizi zimejifunza kutokana na picha nyingi za matangazo, ambamo virutubisho huwekwa karibu na miili yenye misuli, makoti meupe na watu waliopona, kwa hiyo ukitaja afya unaletewa jamii nzima ya picha hizo.

Mwenzangu wa kazi akanishauri niandike chini, kwa herufi ndogo, "Picha ni ya mfano tu." Ushauri huo uliniudhi, na unaniudhi hadi leo, kwa sababu mtu huiona picha kabla ya kusoma, na kwenye simu herufi hizo hazionekani kabisa. Maandishi hayawezi kulirudishia maumivu goti lililokwisha kuponywa na picha.

Nikamwondoa mzee, nikaweka dada anayekimbia ufukweni alfajiri. Hapo ndipo nilipopata mbinu ninayojivunia kuliko zote. Nilikwenda kwenye kivuko cha Msangamkuu, ambako watu husubiri na wana muda, nikawaonyesha picha isiyo na neno hata moja. Mara ya kwanza niliuliza, "Unadhani kitu hiki kinafanya nini?" nikagundua kwamba swali lenyewe linawalazimisha kutaja kazi ya dawa. Siku ya pili nikabadilisha: "Ukifika nyumbani ukamsimulia mwenzako picha hii, utamwambia nini?" Kisha nikawa ninaandika daftarini vitenzi peke yake. Mzee mmoja alisema, "Hii inaongeza nguvu." Mama mwenye kapu la samaki akasema, "Inapunguza mwili." Wote wawili walikuwa wakiitazama picha ileile ya dada yule, na mimi sikuwa nimesema lolote kati ya hayo. Tangu hapo kanuni yangu ni kwamba picha ikizaa kitenzi kama inatibu, inaongeza, inapunguza au inasafisha, na mwenye bidhaa hawezi kusimama na kulithibitisha jambo hilo, picha hiyo inarudi kutengenezwa upya.

Kwa hiyo nikaamua kwamba hakutakuwa na mtu kabisa. Mjamzito katika picha husema kwamba bidhaa inamfaa mjamzito, mtoto husema inamfaa mtoto, na mwenye koti jeupe husema kwamba daktari ameikubali. Nikaandika `no doctor`, naye daktari akatokea amesimama vizuri kabisa nyuma ya kopo, kwa sababu programu nyingi hushika jina la kitu kuliko neno la kukikataa. Katika programu ya Stable Diffusion kuna sehemu ya pembeni ya vitu visivyotakiwa, na huko ndiko niliyahamishia yote:

```
person, doctor, glow, light rays, heart, cross, text, logo
```

Daktari akaondoka, lakini kopo likabaki na matatizo yake. Lebo iliandikwa `MLONGGE`, na chini yake programu ikabuni muhuri wa duara unaofanana na alama ya ubora. Muhuri huo ulinishtua kuliko goti la mzee, kwa kuwa tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya shirika la viwango, TBS, na kuonyesha alama ambayo bidhaa haijapewa ni kumdanganya mnunuzi waziwazi. Unga nao ulikuwa wa kijani kinachong'aa kama rangi ya ukutani, ilhali wa mama yule ni kijani kilichofifia. Majani yaliyotapakaa mezani yalikuwa mapana yenye kingo za meno, karibu na mnanaa, na mtu yeyote wa Lindi au Mtwara anayejua vijani vidogo vya mviringo vya mlonge angetambua kwamba si yenyewe.

Nikaacha kuiomba programu itengeneze bidhaa. Kopo halisi, unga halisi na shada la majani mabichi nilivipiga picha kwa simu karibu na dirisha, mwanga ukitoka kushoto, shuka jeupe nyuma, simu ikiwa usawa wa meza. Programu nikaiachia mandhari peke yake:

```
empty wooden table, plain limewashed wall, soft daylight from the left, eye-level camera
```

Kisha nikakata picha ya kopo na kuipachika juu ya meza ile. Ukisahau kutaja upande wa mwanga, kivuli cha kopo kitakwenda huku na cha meza kule, na jicho litajua kuna uongo hata kama mtu hawezi kuutaja. Penye kitako cha kopo chora kivuli chembamba cheusi, la sivyo litaelea. Gharama yote, pamoja na bando, sidhani kama ilifika elfu ishirini.

Kwa dawa zenyewe ninakuwa mkali zaidi. Mwenye duka la dawa aliponiomba picha ya vidonge vilivyomwagika mkononi nilikataa, kwa sababu programu hubuni umbo na rangi ya kidonge, na mgonjwa anaweza kukifananisha na dawa nyingine aliyonayo nyumbani. Tena idadi iliyo kiganjani husomeka kama dozi. Nilimwambia alete boksi lililofungwa pamoja na kibali cha mamlaka ya dawa, TMDA, cha tangazo lake, kwa maana picha ni sehemu ya tangazo sawa na maneno.

Nilirudi kivukoni na picha mpya ya mlonge, ambamo nilikuwa nimeweka kijiko cha chai kando ya kopo ili ukubwa wake ueleweke. Watu sita walisema tu, "Unga wa mlonge kwenye kopo, mezani." Wa saba, kijana wa bodaboda, akasema, "Unakunywa kijiko kimoja." Nilisimama pale nikikitazama kile kijiko, kwa kuwa hakika kilikuwa kinatoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyapima. Nikafikiria kuweka limau badala yake, nikaona litaleta habari za kikohozi. Kikombe nacho kingeleta habari za kunywa. Mwishowe nililaza mfuniko wa kopo lenyewe mezani, upande wa ndani ukiwa juu na vumbi kidogo la unga kwenye nyuzi zake. Mama wa Chuno alipoiona alisogeza simu karibu na macho, akasema, "Huu ni mfuniko wangu, hata mkwaruzo wake ninaujua," akaagiza bango.